Chochote Tu

Ujumbe uliingia saa nne na dakika kumi usiku. "Kaka, habari za usiku. Samahani kwa usumbufu. Hivi una kitabu unaweza kuniazima? Mama kalazwa, mimi ndiye ninayelala naye wodini, na usiku wa huku ni mrefu jamani." Nikampa pole, nikauliza mama anaendeleaje. Akasema wanasubiri majibu ya vipimo. Kisha nikamuuliza swali ambalo kila mwenye rafu ya vitabu huliuliza: "Unapenda vya aina gani? Riwaya, hadithi fupi, tamthilia?"

Akajibu: "Chochote tu."

Nimekuwa nikiazimisha vitabu kwa marafiki, majirani na marafiki wa marafiki kwa miaka mingi, na sijawahi kupata jibu lingine mara nyingi kama hili. Chochote. Chochote tu. Chagua wewe. Chochote unachoona kinafaa. Zamani lilikuwa likinikera. Nilikuwa najiuliza, huyu mtu kweli anataka kusoma, au anataka tu kuonekana kwamba ameomba? Siku hizi naliona kwa jicho lingine, na naona lina swali la kimaadili ndani yake ambalo hatulizungumzii kwa sababu linaonekana dogo. Mtu amekuomba kitu. Umemuuliza anataka kipi. Amekwambia chochote. Sasa unadaiwa nini?

Nianze na kosa ninalolijua vizuri kwa kuwa nimelifanya mwenyewe. Ukipewa jibu la chochote, mkono wa kwanza unaokwenda kwenye simu ni wa kuuliza tena. Nilishawahi kumfanyia hivyo jamaa mmoja aliyekuwa anasafiri kwa basi kwenda Mbeya. Chochote? Sawa, lakini cha zamani au cha sasa? Akasema vyovyote. Kirefu au kifupi? Akasema sawa tu. Unapendelea mambo ya siasa au ya mapenzi? Hapo akanyamaza. Kesho yake asubuhi, akiwa ameshapanda basi, akaniandikia: "Usijali bro, nimenunua gazeti." Nilijisikia kama nimemhudumia, maana maswali matatu ya heshima nilimuuliza. Ukweli ni kwamba nilimrudishia mzigo wake mara tatu, na kila mara nikiwa nimeufunga kwa kamba mpya.

Kwani aliponiuliza mimi alikuwa anataka nini? Kama angekuwa anajua tofauti ya riwaya ya Kezilahabi na riwaya ya Adam Shafi, angekuja na jina la kitabu. Alikuja bila jina kwa sababu hana majina. Kumwuliza achague kati ya vitu asivyovijua ni kama kumwuliza mgeni aliyeshuka stendi kwa mara ya kwanza apite njia ipi. Neno chochote, kwenye kinywa cha mtu wa namna hii, ni jibu kamili. Linasema: mimi sina cha kuchagulia, wewe unacho.

Wanafalsafa wana punda wao maarufu, anayesimama katikati ya mafungu mawili ya majani yaliyo sawasawa, akashindwa kuamua aanze na lipi, akafa kwa njaa. Anaitwa punda wa Buridan, ingawa huyo Buridan, mwanachuoni wa Paris wa karne ya 14, hakuna mahali alipomwandika punda huyo. Karibu miaka mia mbili na hamsini kabla yake, Imamu Ghazali alishautoa mfano unaofanana na huo katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, na wa kwake una tende badala ya majani na mtu badala ya punda. Mtu ana hamu ya tende, mbele yake zipo mbili zilizo sawa kwa kila hali, na hawezi kuzichukua zote. Atachukua moja, asema Ghazali. Hatakaa pale akizitazama. Utashi wa mwanadamu una uwezo huo wa kutenga kitu kimoja na mwenzake hata pasipo sababu ya kukitenga.

Mwaka 1977 wanafalsafa wawili, Edna Ullmann-Margalit na Sidney Morgenbesser, waliandika makala wakitofautisha mambo mawili ambayo Kiswahili tayari kina maneno yake: kuchagua na kuokota. Unachagua pale ambapo una sababu ya kupendelea hiki kuliko kile. Unaokota pale ambapo vyote ni sawa na kinachotakiwa ni kutoka na kimoja. Mtu akichukua kopo la maziwa dukani kati ya makopo hamsini yanayofanana, ameokota. Tende za Ghazali zinaokotwa.

Sasa, mtu akikwambia chochote, anakuruhusu uokote? Hapa ndipo ninapoachana na tende. Vitabu kwenye rafu yangu si tende mbili zilizo sawa. Vinaonekana sawa kwa yeye aliyeko mbali, asiyevijua. Kwangu mimi ninayevijua havifanani hata kidogo. Kwa hiyo yeye kasema chochote kwa sababu kwake ni kuokota, na kwa neno hilohilo kanikabidhi mimi kazi ambayo kwangu ni kuchagua. Nikiokota, nimemdhulumu. Nimechukua imani yake nikaifanya uvivu wangu.

Kuna na dhuluma ya upande wa pili, na hii ndiyo inayotukamata sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi. Kijana mmoja aliwahi kuniambia chochote, nami nikampa *Nagona*. Kitabu chenyewe chembamba, nikajisemea kitamfaa, hata muda hakitamla. Wanaokijua wanacheka hapa. *Nagona*, iliyotoka mwaka 1990, ni Kezilahabi aliyeshaiacha riwaya ya kawaida nyuma yake: huna kijiji cha kushika, huna kisa kinachokwenda mbele, una ndoto juu ya ndoto na watu wanaozungumza kama wametoka kaburini kusoma falsafa. Mimi nakipenda kitabu hicho kupita kiasi. Yule kijana alikirudisha baada ya siku nne na akaniambia kwa adabu kwamba kizuri, ila alikuwa na kazi nyingi. Alama yake ya kurasa, tiketi ya daladala, ilikuwa ukurasa wa sita.

Alisema chochote, mimi nikasikia "unachokipenda wewe." Haya ni maneno mawili tofauti, na mtu mwangalifu anatakiwa ayatenganishe. Kuna mtu anayekwambia "nipe unachokipenda wewe," na huyo anataka kukujua. Anataka aone ni kitu gani kinakukosesha usingizi. Huyo mpe *Nagona*, ana haki nayo. Lakini anayesema chochote hajakuomba wewe. Ameomba kitabu. Kaacha nafasi tupu pale ambapo mapenzi yake yangekaa, na nafasi ile si ya mapenzi yako kuja kutandika mkeka.

Nirudi wodini. Saa nne usiku, chochote tu, na mimi nimesimama mbele ya rafu nikiwa na tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika.

Jambo la kwanza nililojilazimisha kulifanya ni kusoma upya ujumbe wake wa mwanzo, ule wa kabla ya swali langu. Swali langu lilikuwa la aina ya kitabu, na kwa aina hana jibu. Lakini mwenyewe, bila kuulizwa, alikuwa ameshanieleza mambo matatu au manne. Yuko wodini. Analala pale. Usiku ni mrefu. Mama anasubiri majibu. Na mimi nilikuwa na moja la kuongezea: tulipokutana kwenye harusi ya mwenzetu aliniambia, akicheka, kwamba tangu amalize kidato cha nne hajasoma kitabu akakimaliza.

Hebu tazama yanasema nini. Mtu anayemuuguza mgonjwa usiku hasomi kwa saa mbili mfululizo. Muuguzi anakuja kupima presha, mama anaomba maji, mgonjwa wa kitanda cha pili anaugulia. Kwa hiyo anatakiwa apate kitabu unachoweza kukiweka chini kila baada ya dakika kumi na ukakirudia bila kujiuliza huyu Fulani ni nani tena. Kitabu cha karatasi, maana chaji ya simu anaitunza kwa ajili ya ndugu wanaopiga kuulizia hali. Chepesi mkononi. Na kwa kuwa hajasoma siku nyingi, Kiswahili chake kisimpige ngumi mlangoni.

Halafu lipo lile ambalo hakulisema na hakuhitaji kulisema. Kitabu ninachokiazimisha kuliko vyote ni *Siku Njema* ya Ken Walibora. Ni rahisi, kinakimbia, kila mtu anakimaliza. Mkono wangu ulikuwa umeshakigusa. Kisha nikakumbuka kwamba safari yote ya yule kijana Kongowea kumtafuta baba yake inaanza baada ya mama yake, mwimba taarabu, kufariki dunia. Nikautoa mkono. Chochote, ndiyo, lakini si hicho, si wiki hii.

Ukishaanza kuchuja kwa namna hiyo ndipo unapotambua jinsi waandishi wetu wanavyoua watu. *Rosa Mistika*, hapana. *Kichwamaji*, hapana kabisa. *Utengano*, mwanamke anapigwa, nyumba inavunjika, hapana. Nilisimama pale nikakaribia kucheka peke yangu gizani. Ningekuwa na *Mzimu wa Watu wa Kale* ningempa bila kufikiri mara mbili. Humo mna maiti, sawa, lakini maiti ya upelelezi si maiti ya msiba. Hakuna anayeililia, kila mtu anamsubiri Bwana Msa awashe kiko chake aanze kufikiri. Ila nakala yangu ilikuwa kwa jirani.

Mnaona basi kwamba chochote lilikuwa na ukuta pande zote. Hii ndiyo sababu siamini kwamba neno hili linamwacha mtu gizani. Hata sarufi yenyewe hailiruhusu liwe tupu. Kiswahili hakina neno moja la chochote. Lazima lifuate ngeli. Chochote ni kitabu au kitu. Yoyote ingekuwa riwaya au hadithi. Lolote, jambo. Wowote, ushairi au utenzi. Mtu akikwambia "zozote" ameshakuambia anataka hadithi fupi, tena zaidi ya moja. Najua, katika mazungumzo ya mtaani watu wengi wanasema yoyote kwa kila kitu, kwa hiyo usimfunge mtu kwa ngeli yake kama hakimu. Lakini sikiliza. Mara nyingine jibu limo kwenye herufi ya kwanza.

Kuhusu namna ya kumpa mtu kitabu, niliokota fundisho moja kwa Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle kule Marekani aliyejulikana sana kwa kazi ya kuwapatia watu vitabu. Yeye anasema msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: kisa, wahusika, mahali, au lugha. Vitabu vyote vina milango yote minne, ila kila kitabu kina mmoja ulio mpana zaidi, na kila msomaji ana mmoja anaoupendelea. *Nagona* mlango wake mpana ni lugha. Yule kijana wa tiketi ya daladala alikuwa mtu wa kisa. Aligonga ukuta, akaondoka.

Mimi sikujua mlango wa huyu dada. Yeye mwenyewe hakuujua. Nikichagua kimoja, nabahatisha mlango mmoja. Nikimtajia vitabu kumi, nimemrudisha kwenye mtihani. Nikaamua hivi: kimoja nitakipeleka, na cha pili nitakitaja tu, na cha pili kiwe cha mlango tofauti na cha kwanza.

Cha kwanza kikawa *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1958. Ni kitabu kidogo. Mtu wake ni mmoja, kwa hiyo hupotei ukikatizwa. Ni maisha ya kweli: binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaja mjini Unguja, sauti yake ikamfikisha Bombay kurekodi santuri. Mwishoni anafariki, ni kweli, hakuna wasifu usiofika huko, lakini anafariki akiwa ameshaimba. Mlango wa wahusika. Cha pili, cha kutajwa, *Vuta n'Kuvute* ya Adam Shafi. Mlango wa kisa, umefunguliwa wazi na upepo unapita.

Nikamwandikia: "Kesho saa kumi jioni nakutumia kwa bodaboda maisha ya Siti binti Saad, yule mwimbaji. Kifupi, unaweza kusoma kidogo kidogo. Nimekisia tu kwamba kitu kisicho kizito kitakufaa huko. Ukitaka kisa cha kukuvuta zaidi ninacho kimoja cha binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee akamkimbia, Zanzibar ya zamani. Usiponiambia kitu hadi saa sita mchana, namtuma huyo Siti." Akajibu kwa alama ya dole gumba. Hakuandika neno. Na sikumdai neno.

Nataka nikae kidogo kwenye ujumbe ule, kwa sababu nimeuandika kwa namna mbalimbali kwa watu mbalimbali na najua ni wapi unaharibika. Unaharibika ukificha kwamba umekisia. Ukimwambia mtu "hiki ndicho kitakachokufaa," umemfungia. Asipokipenda atadhani kasoro ni yake, au ataona aibu kukwambia, kama yule kijana wa *Nagona* aliyejisingizia kazi. Ukisema nimekisia, na ukasema umekisia nini, unampa mahali pa kukusahihisha bila kukuvunjia heshima. Unaharibika pia ukiweka cha pili kinachofanana na cha kwanza, maana hapo hajaona tofauti yoyote ya kumwamsha. Na unaharibika zaidi ukiumalizia na swali. "Au unaonaje?" Maneno mawili tu, na yote uliyoyafanya yamerudi mezani yakimsubiri yeye, saa nne na nusu usiku, pembeni ya kitanda cha mama yake. Ile saa sita mchana niliiweka badala ya swali. Akiwa na neno, ana muda wa kulisema. Asipokuwa nalo, bodaboda inaondoka.

Haya si mageni. Nimeyaona nyumbani tangu utotoni bila kuyatambua. Mgeni akifika, mama anauliza: "Nikuletee chai au uji?" Mgeni, kwa adabu, anasema: "Chochote tu, usijisumbue." Sijawahi kumwona mama akisimama pale kuuliza mara ya pili. Anaingia jikoni, anatoka na chai, na sukari kaiweka pembeni kwenye bakuli lake na kijiko. Hajui mgeni ana kisukari au anataka vijiko vinne. Kwa hiyo uamuzi ambao ungemlazimisha mgeni, yeye hakuufanya. Uamuzi ambao ungemchelewesha, aliufanya. Chai imekuja, na pale anapoweza kukosea kamwachia mgeni kijiko.

Msomaji mmoja atasema, na ana haki: je, si hatari kuzoea kuwaamulia watu? Leo kitabu, kesho nini? Nakubali kwamba kuna chochote usizotakiwa kuzikubali. Mama mmoja alinitumia ujumbe akitaka kitabu cha binti yake wa miaka 12. Kipi? Chochote. Hapa aliyesema chochote siye atakayesoma. Binti hajasema neno. Nikikosea, anayebeba kosa ni mtu ambaye hakuniruhusu kubahatisha. Tena vitabu vyetu si vya kuchezea katika umri huo. *Rosa Mistika* iliwahi kuzuiwa shuleni ilipotoka, baadaye ikaja kusomwa shuleni hukohuko, na mpaka leo wazazi hawajakubaliana kuihusu. Pale niliuliza mara ya pili. Lakini sikurudia swali la anapenda nini. Niliuliza jambo moja ambalo mama angeweza kulijibu akiwa amesimama kwenye foleni: "Anasoma mwenyewe hadi mwisho, au mnasoma pamoja?" Akajibu palepale: wanasoma pamoja. Hilo lilitosha. Nikampa *Adili na Nduguze*, nikamwambia kuna ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani na kuchapwa kila usiku, ajiandae kwa maswali.

Kipimo changu, basi, ni hiki, na sijakipata kwenye kitabu chochote. Naangalia kosa langu litamwangukia nani, na je, linarudishika. Kitabu kibaya wodini kinarudishika. Anakifunga, ananiambia, natuma kingine. Hapo chochote inanitosha na ni dhambi kuchelewa. Kosa likimwangukia asiyezungumza, au likiwa la kutumia pesa ya mtu isiyorudi, nauliza mara nyingine, swali moja, jembamba. Kuuliza kwa ajili ya kujikinga nisilaumiwe, hilo halimo. Na ninajua, kila mara, kama swali ninalotaka kuliuliza ni kwa ajili yake au ni kwa ajili ya kinga yangu. Nadhani sote tunajua.

Siti alifika wodini Jumatano jioni. Ijumaa usiku nikapata ujumbe: "Kaka, huyu Shaaban mbona anahubiri sana! Kila ukurasa mawaidha. Hivi yule binti aliyemkimbia mzee ilikuwaje?"

Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa nimekosea, na kosa lilikuwa limefanya kazi ambayo maswali kumi yasingeifanya. Sasa nilijua kwamba mawaidha yanamchosha, kwamba anataka kisa, kwamba yule binti wa sentensi moja alikuwa amekaa naye kichwani siku tatu. Jumanne usiku asingeweza kuniambia hayo. Asingeweza, kwa sababu yalikuwa hayajawepo. Alipata kujua hakitaki kitabu cha mawaidha baada ya kuwa na kitabu cha mawaidha mkononi. Watu wengi wako hivyo. Ukiwauliza wanataka nini, hawana jibu. Ukiwawekea kitu mbele, ulimi unafunguka. Kitabu nilichomtumia ndicho kilichokuwa swali langu la pili.

Jumamosi nikampeleka *Vuta n'Kuvute* mwenyewe, nikapata nafasi ya kumsalimia mgonjwa. Mama alikuwa ameegemea mito miwili, amekonda, ila sauti ipo. Nilipochukua kile cha Siti kutoka kwenye kabati dogo la kitandani nikitaka kuondoka nacho, akaniuliza: "Mwanangu, hicho unakipeleka wapi?" Kumbe usiku binti alikuwa akimsomea, na yeye alikuwa hajachoshwa na mawaidha hata kidogo. Walikuwa wamefika safari ya Bombay.

Nikakirudisha kabatini. Mama alitoka hospitali wiki mbili baadaye, na Siti alirudi kwangu akiwa na alama ya duara ya kikombe kwenye jalada. Yasmin na yule mzee wake bado hawajarudi, na nikiulizia naambiwa nisubiri, kuna shangazi anakisoma.